Thamani ya Fedha kwa Wakati: Ufafanuzi kwa Mfano wa Zamu katika Upatu

Ikisiri

Makala hii inafafanua dhana ya thamani ya fedha kwa wakati kwa kutumia upatu, ambamo washiriki wote huchanga kiasi kilekile na kupokea kiasi kilekile, lakini kwa tarehe tofauti. Kwa kuwa tofauti pekee baina yao ni wakati wa kupokea, upatu unawezesha athari ya wakati kupimwa bila kuchanganywa na mambo mengine. Inaoneshwa kwamba, katika kikundi cha watu 12 wanaochanga shilingi 100,000 kwa mwezi, tofauti kati ya zamu ya kwanza na ya mwisho ni takriban shilingi 124,400 kwa thamani ya leo iwapo kiwango cha punguzo ni asilimia 1 kwa mwezi. Inaoneshwa pia kwamba tofauti hiyo haielezwi na mfumuko wa bei pekee, na kwamba kugeuza mpangilio wa zamu katika mzunguko unaofuata huipunguza bila kuiondoa.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema, leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Methali hii hutumiwa kuwahimiza watu watende bila kuahirisha, lakini ndani yake mna hoja ambayo elimu ya fedha imeijengea hesabu kamili: ahadi ya kesho haiwezi kuwekwa katika mizani moja na kitu kilichopo leo bila kwanza kufanyiwa marekebisho. Hesabu hiyo ndiyo inayoitwa thamani ya fedha kwa wakati.

Dhana hii hufundishwa kwa kawaida kupitia amana za benki na hati fungani. Mifano hiyo ni sahihi, lakini ina upungufu mmoja. Ndani yake kiasi kinachotolewa na kinachopokelewa hutofautiana, hivyo msomaji huona riba na kudhani kwamba riba ndiyo inayozaa tofauti ya thamani. Kwa kweli mambo yako kinyume: tofauti ya thamani ilikuwapo kabla, na riba ni namna mojawapo ya kuilipia. Ili jambo hili lionekane wazi, unahitajika mfano usio na riba hata kidogo, ambao kila anayeingia hutoa na kupokea shilingi zilezile. Upatu unatosheleza sharti hilo.

Upatu hujulikana kwa majina mengi. Nchini Tanzania huitwa pia mchezo, na nchini Kenya shughuli hiyo hufanywa ndani ya vyama. Muundo wake wa msingi ni mmoja. Watu kadhaa wanaoaminiana hukubaliana kuchanga kiasi maalumu kila siku, kila wiki au kila mwezi, na fungu lote lililochangwa hukabidhiwa mshiriki mmoja kwa zamu, hadi wote wamalize. Msimamizi, ambaye Dar es Salaam huitwa kijumbe, hukusanya michango na kutunza orodha ya zamu. Mzunguko unapokamilika, kila mmoja huwa ametoa na kupokea sawa. Kwa sababu hiyo washiriki wengi huamini kwamba hakuna aliyepata wala aliyepoteza. Swali linaloshughulikiwa hapa ni iwapo imani hiyo ni ya kweli, na ikiwa si ya kweli, ni kwa kiasi gani.

2.0 Msingi wa Hesabu

Ichukuliwe sarafu moja ya shilingi 500. Mwenye sarafu hiyo leo anaweza kuitumia, kuiweka au kuikopesha. Ikiwa ipo mahali pa kuiweka kwa faida ya asilimia 10 kwa mwaka, baada ya mwaka mmoja atakuwa na shilingi 550. Aliyeahidiwa sarafu ileile baada ya mwaka mmoja atakuwa na shilingi 500 tu. Sarafu ni moja kwa sura na kwa maandishi, lakini wenye sarafu hizo wamefika mahali tofauti.

Swali hili linaweza kuulizwa kwa kurudi nyuma pia: ni kiasi gani leo kingetosha kuzaa shilingi 500 baada ya mwaka mmoja? Jibu hupatikana kwa kugawa 500 kwa 1.10, nalo ni shilingi 454.55. Kiasi hiki ndicho thamani ya sasa ya sarafu ya mwakani. Kwa jumla:

Ts = Tb / (1 + k)^n

ambapo Ts ni thamani ya sasa, Tb ni thamani ya baadaye, k ni kiwango cha punguzo kwa kipindi kimoja, na n ni idadi ya vipindi vya kusubiri.

Makosa mawili hujitokeza mara kwa mara katika matumizi ya kanuni hii. La kwanza ni kutoa badala ya kugawa. Mtu huondoa asilimia 10 ya 500 na kupata 450, akidhani amepata thamani ya sasa. Uhakiki ni rahisi: shilingi 450 zikiwekwa kwa asilimia 10 huwa 495, wala hazifiki 500. La pili ni kugeuza kiwango cha mwezi kuwa cha mwaka kwa kuzidisha kwa 12. Asilimia 1 kwa mwezi haiwi asilimia 12 kwa mwaka, kwa kuwa faida ya kila mwezi nayo huzaa faida katika miezi inayofuata. Kiwango sahihi ni 1.01^12 kutoa 1, yaani takriban asilimia 12.68.

3.0 Zamu Kumi na Mbili, Fungu Moja

Ichukuliwe kwa mfano kikundi cha washiriki 12. Kila mmoja huchanga shilingi 100,000 tarehe 1 ya kila mwezi, kuanzia Januari hadi Desemba, na fungu la shilingi 1,200,000 hukabidhiwa mwenye zamu siku hiyohiyo. Mshiriki wa kwanza hupokea Januari na wa mwisho hupokea Desemba. Kiwango cha punguzo kinachotumika ni asilimia 1 kwa mwezi, na thamani zote zinarejeshwa hadi tarehe 1 Januari. Kwa hatua hii inachukuliwa kwamba kila mshiriki anatimiza ahadi yake.

Upande wa michango hauna tofauti baina ya washiriki. Kila mmoja anatoa 100,000 kwa tarehe zilezile 12. Mchango wa Januari una thamani ya sasa ya 100,000 kamili, wa Februari 99,010, na kadhalika hadi wa Desemba wenye thamani ya sasa ya takriban 89,632. Jumla ya michango yote 12 kwa thamani ya sasa ni shilingi 1,136,763. Hii ndiyo gharama halisi ya kushiriki, nayo ni sawa kwa wote.

Upande wa mapokezi ndio unaotofautiana. Mpokeaji wa Januari hasubiri, hivyo fungu lake lina thamani ya 1,200,000 kamili. Mpokeaji wa Desemba anasubiri miezi 11, hivyo fungu lake linagawanywa kwa 1.01^11, ambayo ni takriban 1.11567, na kupata 1,075,588. Jedwali lifuatalo linaonesha zamu nne zinazotosha kubainisha mwenendo wote.

| Zamu | Mwezi | Thamani ya sasa ya fungu | Tofauti na gharama |
|---|---|---|---|
| 1 | Januari | 1,200,000 | +63,237 |
| 6 | Juni | 1,141,759 | +4,996 |
| 7 | Julai | 1,130,454 | −6,309 |
| 12 | Desemba | 1,075,588 | −61,175 |

Mambo matatu yanaonekana. Kwanza, mstari wa mgawanyo unapita kati ya zamu ya 6 na ya 7. Waliomo kabla ya mstari huo wamepata, na walio baada yake wamepoteza. Pili, tofauti kati ya zamu ya kwanza na ya mwisho ni takriban shilingi 124,400, ambayo ni zaidi ya mchango wa mwezi mzima. Tatu, zikijumlishwa tofauti za washiriki wote 12, jibu ni sifuri. Kila shilingi aliyoipata wa mwanzo imetoka kwa wa nyuma yake. Kwa lugha nyingine, wapokeaji wa mwanzo wamekopeshwa na wapokeaji wa mwisho bila riba, ingawa hakuna aliyetia saini mkataba wa mkopo wala kulitaja neno hilo.

Kwa hiyo orodha ya zamu ni orodha ya mgawanyo wa thamani. Katika vikundi vingi kijumbe hupewa zamu ya mapema, na desturi hiyo huelezwa kuwa ni shukrani kwa usumbufu wa kukusanya michango. Hesabu inaonesha kwamba shukrani hiyo ina kiasi kinachoweza kutajwa. Katika mfano huu, kijumbe mwenye zamu ya kwanza amelipwa takriban shilingi 63,000 kwa kazi ya mwaka mzima. Kikundi kinachofahamu hivyo kinaweza kujadili iwapo malipo hayo ni madogo, makubwa au ya kutosha. Kikundi kisichofahamu hakiwezi kuyajadili kabisa.

4.0 Kiwango cha Nani?

Matokeo ya sehemu iliyotangulia yanategemea asilimia 1 iliyochukuliwa. Hapa ndipo ugumu wa dhana hii ulipo, kwani kugawa si kazi ngumu; kazi ngumu ni kujua kigawanyo. Kiwango cha punguzo hakiandikwi juu ya sarafu. Hutokana na fursa bora ambayo mwenye fedha ameiacha kwa sababu fedha hizo hakuwa nazo. Katika kitabu chake cha mwaka 1930 kuhusu nadharia ya riba, mwanauchumi Irving Fisher alieleza kwamba riba hutokana na mambo mawili yanayokutana: pupa ya watu ya kutumia sasa, na fursa walizonazo za kuwekeza. Mambo yote mawili hutofautiana kati ya mtu na mtu, na kwa hiyo thamani ya zamu hutofautiana pia.

Wachukuliwe washiriki watatu wa kikundi kilekile. Wa kwanza huweka akiba yake ndani ya sanduku nyumbani. Fursa aliyoiacha ni sifuri, na kwake zamu zote ni sawa kwa hesabu. Wa pili ni mwajiriwa ambaye huweka amana yenye faida ya asilimia 0.5 kwa mwezi. Wa tatu ni muuza nguo za mitumba. Mfanyabiashara wa jumla humuuzia robota kwa shilingi 300,000 akilipa taslimu, au kwa shilingi 309,000 akilipa baada ya mwezi mmoja. Hakuna neno riba katika biashara hiyo, lakini shilingi 9,000 juu ya 300,000 ni asilimia 3 kwa mwezi. Kila mwezi anaokosa taslimu, hiyo ndiyo bei anayoilipia.

Kwa muuza mitumba mwenye kiwango cha asilimia 3, gharama ya michango kwa thamani ya sasa ni takriban 1,025,300. Akipokea Januari anapata faida ya takriban 174,700. Akipokea Desemba, fungu lake lina thamani ya takriban 866,900 tu, na anapoteza takriban 158,400. Kwa mwajiriwa mwenye kiwango cha asilimia 0.5 hesabu ni ndogo zaidi: zamu ya kwanza inampa faida ya takriban 32,300, na zamu ya mwisho inampotezea takriban 31,800.

Ikitokea kwamba kura imempa mwajiriwa zamu ya kwanza na muuza mitumba zamu ya mwisho, kikundi kimeweka fedha mahali zinapohitajika kidogo zaidi. Wakibadilishana, mwajiriwa anapoteza takriban 64,100 kwa thamani ya leo, na muuza mitumba anapata takriban 333,100. Malipo yoyote ya leo yaliyo kati ya viwango hivyo viwili, kutoka kwa muuza mitumba kwenda kwa mwajiriwa, yangewaacha wote wawili katika hali bora kuliko waliyokuwa nayo. Huu ndio msingi wa upatu wa mnada, ambao zamu hupewa anayekubali kulipia zaidi. Mtindo huo ni mashuhuri nchini India, ambako umewekewa sheria yake tangu mwaka 1982. Besley, Coate na Loury, katika uchambuzi wao wa mwaka 1993, walilinganisha upatu wa kura na upatu wa mnada na kuonesha kwamba kila mmoja una mazingira yake ya kufaa.

Ni muhimu pia kufahamu mpaka wa neno kupoteza lililotumika hapa. Mshiriki wa mwisho anapoteza akilinganishwa na fursa yake mbadala, wala si akilinganishwa na hali ya kutofanya lolote. Angeweka 100,000 kila mwezi ndani ya sanduku, angefikisha 1,200,000 tarehe ileile 1 Desemba. Kwa kipimo cha sanduku, upatu haukumpunguzia kitu, na wenzake 11 wamepata fungu mapema kuliko ambavyo yeyote kati yao angeweza peke yake. Hii ndiyo sababu watu wenye akili timamu huendelea kuingia katika upatu hata wakijua kwamba huenda wakawa wa mwisho. Mtafiti anayetaja hasara bila kutaja kipimo cha kulinganishia hajasema jambo linaloweza kuhakikiwa.

5.0 Wakati na Mfumuko wa Bei

Maelezo yanayosikika zaidi kuhusu thamani ya fedha kwa wakati ni kwamba sarafu ya mwakani itanunua kidogo kwa sababu bei zitapanda. Maelezo haya yana ukweli, lakini yanataja sehemu tu ya sababu, na mara nyingi sehemu iliyo ndogo.

Ichukuliwe kwamba bei zinapanda kwa asilimia 4 kwa mwaka. Katika miezi 11 bei zitakuwa zimepanda kwa takriban asilimia 3.66. Fungu la Desemba, likipimwa kwa bei za Januari, litakuwa na uwezo wa kununua wa takriban shilingi 1,157,600. Mfumuko wa bei umepunguza takriban 42,400. Lakini katika sehemu ya tatu fungu hilo lilipungua kwa takriban 124,400. Kwa hiyo mfumuko wa bei unaeleza takriban theluthi moja ya upungufu. Theluthi mbili zilizobaki zingekuwapo hata kama bei zingesimama palepale mwaka mzima, kwa kuwa mwenye fedha za Januari angekuwa na miezi 11 ya kuzifanyia kazi.

Kutotenganisha mambo haya mawili huzaa kosa ambalo ni vigumu kuligundua kwa macho. Kiwango cha faida kinachotangazwa na taasisi za fedha huwa tayari kimejumuisha matarajio ya kupanda kwa bei. Uhusiano wake na kiwango halisi ni huu:

1 + k = (1 + h)(1 + m)

ambapo k ni kiwango kinachotangazwa, h ni kiwango halisi, na m ni kiwango cha mfumuko wa bei. Kiwango kinachotangazwa kikiwa asilimia 12 na mfumuko asilimia 4, kiwango halisi ni 1.12 kugawanywa kwa 1.04, kutoa 1, yaani takriban asilimia 7.69, wala si 8. Mchambuzi anayerekebisha kwanza fungu la Desemba kwa mfumuko wa bei, kisha akaligawa tena kwa kiwango kinachotangazwa, amehesabu mfumuko mara mbili. Dalili ya kosa hili ni kwamba kiasi kimepimwa kwa bei za mwaka wa mwanzo ilhali kiwango kimechukuliwa kutoka tangazo la benki. Kanuni ya kujihadhari ni moja: fedha zinazotajwa kwa shilingi za siku ya malipo hupunguzwa kwa kiwango kinachotangazwa, na fedha zilizokwisha kurekebishwa kwa bei hupunguzwa kwa kiwango halisi.

6.0 Mipaka ya Mfano

6.1 Kugeuza zamu

Vikundi vingi hujaribu kutenda haki kwa kugeuza orodha: aliyekuwa wa kwanza mwaka huu huwa wa mwisho mwaka ujao. Inadhaniwa kwamba baada ya mizunguko miwili wote wamelingana. Hesabu inaonesha vinginevyo. Kwa kiwango cha asilimia 1 kwa mwezi, aliyeanza kuwa wa kwanza alipata 63,237. Hasara yake ya 61,175 inakuja katika mzunguko wa pili, miezi 12 baadaye, na kwa thamani ya leo ni takriban 54,290. Amebakiwa na faida ya takriban 8,900. Mwenzake aliyeanza kuwa wa mwisho alipoteza 61,175 mapema, na faida yake ya mzunguko wa pili ina thamani ya leo ya takriban 56,120. Amebakiwa na hasara ya takriban 5,100.

Pengo kati yao limeshuka kutoka takriban 124,400 hadi takriban 14,000. Kugeuza zamu ni dawa nzuri, lakini haiponyi kabisa, kwa sababu fidia yenyewe hulipwa kwa kuchelewa, na kuchelewa ndiko kulikokuwa tatizo tangu mwanzo. Aidha, dawa hii hufanya kazi pale tu kikundi kinapobaki kilekile. Mshiriki aliyekuwa wa mwisho kisha kikundi kikavunjika hana pa kudai fidia yake.

6.2 Hatari ya kutolipwa

Hesabu zote zilizotangulia zilichukulia kwamba kila mshiriki atachanga hadi mwisho. Katika hali halisi, aliyekwisha kupokea fungu lake hubaki na deni bila dhamana nyingine isipokuwa heshima yake mbele ya wenzake. Mpokeaji wa Desemba yuko katika nafasi ya hatari zaidi, kwani wakati zamu yake inafika, wenzake wote 11 wamekwisha kupokea.

Hatari hii inaweza kuingizwa katika hesabu kwa njia nyepesi. Ikiwa mshiriki wa mwisho anatarajia kwa wastani kupokea asilimia 95 ya fungu, thamani ya sasa ya matarajio yake inashuka kutoka 1,075,588 hadi takriban 1,021,800. Hasara yake inapanda kutoka takriban 61,200 hadi takriban 115,000. Yaani shaka ya asilimia 5 tu imekaribia kuzidisha hasara mara mbili. Kwa hiyo, wakati na hatari, ingawa ni mambo mawili tofauti kinadharia, hukua pamoja: kadiri malipo yanavyosogea mbali, ndivyo nafasi ya jambo kuharibika inavyoongezeka. Hesabu inayotumia kiwango kimoja cha juu ili kufidia yote mawili huficha ni lipi hasa linalomuumiza mshiriki. Kwa mtafiti, kuyatenganisha ni muhimu, kwani tiba zake ni tofauti. Hasara ya wakati hutibiwa kwa fidia au kwa kugeuza zamu. Hasara ya kutolipwa hutibiwa kwa mdhamini, kwa kikundi kidogo kinachofahamiana, au kwa mzunguko mfupi.

6.3 Kupima na kutoza

Jambo la mwisho linahusu vikundi ambavyo washiriki wake, kwa imani ya Kiislamu, hawashughuliki na riba. Kupima thamani ya zamu si sawa na kutoza riba. Hesabu ya sehemu ya tatu inaeleza jambo linalotokea ndani ya upatu uliopo, wala haimtaki yeyote aongeze hata senti moja. Kuuza zamu kwa malipo ya ziada ni suala jingine, na kikundi cha aina hii huenda kisilikubali, kwa kuwa ziada juu ya kinachofanana na mkopo huangukia katika mjadala wa riba. Hata hivyo, kikundi kama hicho bado kinaweza kutumia matokeo ya kipimo bila kuuza chochote: kumpa zamu ya mapema kwa hiari mwenye uhitaji mkubwa zaidi, au kugeuza orodha kila mwaka. Ikumbukwe pia kwamba sheria za biashara za Kiislamu zinaruhusu bidhaa kuuzwa kwa mkopo kwa bei iliyo juu ya ile ya taslimu, mradi bei iwe imekubaliwa wakati wa kuuziana.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba shilingi zinazolingana kwa idadi hazilingani kwa thamani zikipokelewa kwa tarehe tofauti, na kwamba ukweli huu unabaki hata pasipo na riba, mkataba wala benki. Katika upatu wa watu 12, zamu ya kwanza na ya mwisho zimetenganishwa na zaidi ya mchango wa mwezi mmoja kwa kiwango cha wastani cha punguzo, na kwa mtu mwenye uhitaji mkubwa wa taslimu pengo hilo linazidi michango ya miezi mitatu. Mfumuko wa bei ni sehemu tu ya sababu. Sehemu kubwa zaidi ni fursa inayopita wakati fedha hazipo mkononi.

Kutokana na hayo, uchunguzi wowote wa mgawanyo wa manufaa ndani ya upatu unapaswa kukusanya taarifa mbili ambazo daftari la kijumbe kwa kawaida halizibebi pamoja: tarehe ambayo kila mshiriki alipokea, na fursa ambayo kila mshiriki angeitumia kama angepokea mapema. Jumla ya michango na jumla ya mapokezi, hata zikilingana hadi senti ya mwisho, hazithibitishi kwamba washiriki wametendewa sawa.